Fibo ya mbele: maswali ya tageti za 161.8, na kwa nini si sawa na viwango vya kurudi

Haya maswali nayapata sana kutoka kwa wenzangu wanaotredi hapa Mombasa, kuanzia Bamburi mpaka Likoni, na mengi yazunguka jambo moja tu: mtu amechora fibo yake, yaani mistari ya uwiano wa Fibonacchi, mwenzake amechora yake, chati ni moja na swingi ni moja, wote wawili wasema tageti ni 161.8, lakini mistari yao imepishana pipsi 60. Nimeyajibu hapa kwa urefu, na mfano ni mmoja ili namba zisikuchanganye. Hio bei ya mfano nimeitunga mimi, usiende kuitafuta kwenye chati.

Kurudi na ekstensheni zatofautiana wapi hasa?

Bei ikipanda kutoka A mpaka B, halafu ikaanza kushuka, kiwango cha kurudi chakuuliza: imerudisha sehemu gani ya ule mguu wa A mpaka B? Ikirudisha yote ni 100, ikirudisha nusu ni 50. Kwa hivyo viwango vya kurudi viko ndani ya swingi, kati ya A na B, mahali bei ishapita juzi au asubuhi hii hii. Kuna watu waliouza hapo, kuna waliokosa kununua wakangoja bei irudi, kuna oda zilizobaki. Ndio maana wengi wavitumia kutafuta pa kuingilia.

Ekstensheni yauliza kitu chengine kabisa. Bei ishamaliza kurudi, imegeuka, yavuka B, sasa itaenda mpaka wapi? Hapo uko nje ya swingi na ule mguu ulioupima haukuambii lolote kuhusu watu walioko huko mbele, wakupa urefu tu. Wachukua urefu wa mguu uliopita wauweka mbele. Ndio maana kazi yake ni kutokea, yaani wapi uchukue faida, si kuingia.

Na kuna tofauti nyengine watu hawaitaji sana. Kiwango cha kurudi chahitaji pointi mbili na zote zishatokea, wachora wangoja. Ekstensheni ya kweli yahitaji pointi tatu, na ile ya tatu, C, ndio pale bei ilipomaliza kurudi, sasa kama bado haijamaliza huna C, na kama huna C huna tageti. Mtu akikuonyesha tageti ya 161.8 ya pointi tatu wakati bei bado yashuka kutoka B, amekisia.

Hizi namba 61.8, 127.2 na 161.8 zatoka wapi?

Uwiano wa dhahabu ni 1.618 na kidogo. Ukichukua namba za Fibonacchi, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, ukigawanya moja kwa ile iliyo kabla yake, kadri waenda mbele wakaribia 1.618, kwa mfano 55 kwa 34 ni 1.6176. Ukigawanya kinyume wapata 0.618. Ukizidisha 0.618 kwa yenyewe wapata 0.382. Ukichukua kipeuo cha pili cha 1.618, yaani ile namba ukiizidisha kwa yenyewe yakupa 1.618, ni 1.272, na hapo ndio 127.2 imetoka. 2.618 ni 1.618 mara 1.618.

50 na 100 si za uwiano wa dhahabu, 50 ni nusu tu na 100 ni urefu ule ule mzima. Ziko kwenye chombo kwa sababu matreda wazitumia.

Kitu kimoja ukishike hapa kwa sababu tutakirudia: 1.618 mara 0.618 ni 1 kamili. Hio ndio sifa ya uwiano wa dhahabu, na ndio itakayoeleza kwa nini mistari mengine yaangukia mahali pamoja bila maana yoyote.

Kwa nini 161.8 yangu na ya mwenzangu haziko mahali pamoja?

Kwa sababu kuna 161.8 tatu na kila mtu amezoea yake. Tuchukue EUR/USD. A ni 1.0800, bei ikapanda mpaka B 1.0900, hizo ni pipsi 100. Ikarudi mpaka C 1.0838, yaani imerudisha pipsi 62, karibu kabisa na 61.8.

Ya kwanza ni ile ya kurefusha mguu wenyewe. Waanza A, wazidisha pipsi 100 kwa 1.618, waenda juu pipsi 161.8 kutoka A. Wapata 1.0962. Hapa C haina kazi yoyote, bei iwe imerudi kidogo ama sana tageti ni ile ile.

Ya pili ni ya kupima ule mguu wa kurudi. B mpaka C ni pipsi 62, wazidisha kwa 1.618 wapata pipsi 100, waziweka juu ya C. Wapata 1.0938.

Ya tatu ndio yenye pointi tatu. Wachukua urefu wa A mpaka B, pipsi 100, wazidisha kwa 1.618, lakini waanzia C badala ya A. Wapata 1.1000.

Sasa tazama: 1.0938, 1.0962, 1.1000, zote zaitwa 161.8, na hakuna aliyekosea hesabu. Ni kama fundi aambiwe inchi 40 bila kuambiwa aanzie begani au kiunoni, tepu ni moja lakini kanzu yaishia pengine kabisa. Kwa hivyo mtu akikutumia tageti muulize maswali mawili tu: umepima mguu gani, na umeanzia wapi. Akikosa kujibu usiiweke hio tageti kwenye akaunti yako.

Ile ya pointi tatu kwa fomula ni hii, na yafanya kazi bei ikipanda ama ikishuka:

```
lengo = C + r * (B - A)
```

Hapo r ni 0.618, 1, 1.618 na kadhalika. Bei ikiwa yashuka, B toa A yawa hasi na lengo lajipeleka chini lenyewe.

Mbona kwenye simu yangu 161.8 yatokea chini na mimi nanunua?

Hili lawasumbua wengi. Ukitumia chombo cha kurudi, kwenye TradingView ni `Fib Retracement`, ukaanza kugusa A halafu B, 0 yakaa B na 1 yakaa A. Kwa hivyo 1.618 itakuwa chini ya A, upande ambao wewe hutaki. Hio haijaharibika, chombo kinahesabu kurudi na kurudi kwa 161.8 ni kushuka mpaka kupita A. Kwenye MetaTrader ni vile vile ukiburuta kutoka chini kwenda juu.

Ukitaka ile ya kwanza, ya kurefusha mguu, una njia mbili. Uchore kinyume, uanze B umalizie A, ndio 161.8 itapanda juu ya B. Ama uchore kawaida lakini uongeze viwango vya hasi, -0.272 na -0.618. Ile -0.618 ni pipsi 61.8 juu ya B, ambayo ndio 161.8 kutoka A, mstari ni ule ule umebadilishwa jina tu.

Ukitaka ile ya pointi tatu, chombo ni chengine. Kwenye TradingView kinaitwa `Trend-Based Fib Extension`, kwenye MetaTrader kinaitwa `Fibonacci Expansion` na mistari yake yaandikwa `FE 61.8`, `FE 100.0`, `FE 161.8`. Wagusa A, B, halafu C. Kama hujaona hio FE basi bado uko kwenye chombo cha kurudi.

Basi nitumie ipi?

Mimi natumia ya pointi tatu kama tageti kuu, na sababu yangu ni moja: ndio pekee yenye kujali bei ilirudi kiasi gani na mguu wa kwanza ulikuwa mrefu vipi kwa pamoja. Bei ikirudi kidogo tu, kwa mfano 38.2, C yawa juu na tageti zote zapanda. Ikirudi sana, 78.6, C yawa chini karibu na A na tageti zashuka. Hio yaingia akilini, soko ambalo wanunuzi hawakuliacha lirudi mbali lina nguvu kuliko lililorudi karibu lote. Ile ya kwanza yakupa 1.0962 hata soko liwe limechoka.

Ile ya B mpaka C naitumia kwa kitu kimoja, 127.2 yake. Kwenye mfano wetu 62 mara 1.272 ni pipsi 79, juu ya C wapata 1.0917. Hio iko juu kidogo tu ya B, na ndio mahali breki-auti nyingi za uongo zafia, bei yavuka kilele, yachukua stopu za waliouza, yarudi ndani. Siiweki kama tageti, naiangalia tu.

Nikiona mistari miwili ya fibo imeangukia bei moja, si ndio nguvu yenyewe?

Inategemea imetoka wapi, na hapa ndio nataka msome polepole.

Rudi kwenye mfano. Ya pili ilitupa 1.0938. Sasa chukua ile ya pointi tatu lakini kwa 100 badala ya 161.8: C 1.0838 jumlisha pipsi 100, wapata 1.0938. Zimegongana pale pale. Mtu ataona hivyo atasema soko limepanga, lakini hakuna kilichopangwa. Bei ilirudi 61.8, kwa hivyo mguu wa B mpaka C ni 0.618 ya mguu wa kwanza, ukiuzidisha kwa 1.618 warudi kwenye 1 kamili. Ni ile hesabu niliyokwambia uishike. Kila mara bei ikirudi 61.8, mistari hio miwili lazima igongane, hata kwenye chati ya bei ambazo umetupa kete.

Na ikirudi 38.2 wapata mgongano mwengine. Tuseme C ingekuwa 1.0862. Ile 100 ya pointi tatu ingekuwa 1.0962, na ile 161.8 ya kurefusha mguu ilikuwa 1.0962 tangu mwanzo. Mgongano tena, na tena ni hesabu, kwa sababu 0.618 jumlisha 1 ni 1.618. Kwa hivyo mistari yote inayotoka kwa A, B na C zile zile ni ushahidi mmoja uliouandika mara mbili tatu. Ukiongeza loti kwa sababu umeona mistari mitatu pamoja, umeongeza hatari bila kuongeza sababu.

Mgongano wenye maana ni ule wa swingi tofauti. Tuseme kwenye chati ya siku, kabla ya haya yote, EUR/USD ilikuwa imeshuka kutoka 1.1150 mpaka 1.0760, hizo ni pipsi 390. Kiwango cha kurudi cha 61.8 cha mguu huo ni pipsi 241 juu ya 1.0760, yaani 1.1001. Na ekstensheni yetu ya 161.8 kwenye chati ndogo ilikuwa 1.1000. Hapa sasa kuna kitu, kwa sababu A na B zetu hazikuhusika kabisa kutengeneza ile 1.1001. Na namba mviringo kama 1.1000 ina oda zake yenyewe, watu waweka oda kwenye namba mviringo bila fibo yoyote.

Waona pia hapo kwamba ekstensheni ya swingi ndogo imeangukia kwenye kurudi kwa swingi kubwa. Ndio maana nasema ukitaka kujua mbele ya B kuna nani, usiulize swingi ndogo, panda taimfremu mbili juu uangalie kama bei ishawahi kupita huko.

C naijuaje kama ndio yenyewe?

Huijui mpaka bei igeuke, na hata ikigeuka yaweza kukubadilikia. Njia rahisi ni kungoja mishumaa mitano ambapo ule wa katikati ndio wenye chini ya mwisho, miwili kushoto na miwili kulia iko juu yake. Kiashiria cha `Fractals` kwenye MetaTrader chafanya hivyo hivyo. Gharama yake ni kwamba waingia umechelewa mishumaa miwili, na pipsi kadhaa zishakwenda.

Bei ikirudi ikavunja C lakini haijafika A, swingi bado iko hai ila C imehama. Futa, chora tena. Ikihama chini pipsi 15, kila tageti ya pointi tatu yashuka pipsi 15, na hapo ndio wengi husahau, wahamisha stopu lakini tageti wamewacha pale pale juu. Bei ikivunja A, hakuna ekstensheni tena, mguu ule umekufa.

Nionyeshe tredi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Sawa. A 1.0800, B 1.0900, C 1.0838, C ishathibitika, na mshumaa umefunga 1.0846. Naingia hapo kununua. Stopu naiweka 1.0796, chini kidogo ya A, kwa sababu A ikivunjika ndio hadithi imeisha. Hatari ni pipsi 50. Kwa loti 0.02 pipsi moja ni senti 20 za dola, kwa hivyo nikipigwa napoteza dola 10 pamoja na spredi.

Tageti ya kwanza ni 100 ya pointi tatu, 1.0938, lakini oda naiweka 1.0935, kwa sababu bei yaweza kugeuka pipsi mbili kabla ya mstari na sitaki kukaa nikiitazama ikirudi. Hapo nafunga nusu, loti 0.01, pipsi 89, dola 8.90. Stopu ya nusu iliyobaki naipandisha pale nilipoingia. Tageti ya pili ni 161.8, naiweka 1.0997, pipsi 151, dola 15.10. Zote zikifika ni dola 24 kwa hatari ya dola 10.

Angalia loti lakini. Ukiwa umeingia na 0.01 na broka wako hana ndogo zaidi, huwezi kufunga nusu, kwa hivyo chagua tageti moja kabla hujaingia. Mimi hapo ningechagua ya kwanza, kama hakuna swingi kubwa yenye kunipa sababu ya kungoja ya pili.

Na ile 61.8 ya pointi tatu je? Ukiihesabu wapata 1.0900, yaani B yenyewe. Sio tageti mpya, ni kilele cha zamani, na hio pia ni kwa sababu bei ilirudi 61.8.

Nitajuaje kama tageti haitafika?

Dalili ninayoiamini zaidi ni bei kuvuka B, halafu mshumaa wa taimfremu yako ufunge tena chini ya B. Kuvuka kwa utambi peke yake si kitu, lakini ukivuka, ukafunga juu, halafu wa pili ama wa tatu ukafunga chini ya kilele, wanunuzi wa breki-auti wamenaswa na watatoka kwa kuuza. Hapo mimi siingoji 1.0938, natoka.

Dalili ya pili ni habari. Takwimu nyingi kubwa za Marekani, kama zile za ajira za kila mwezi, hutoka saa mbili u nusu asubuhi kwa saa za Nyu Yoki, ambayo kwetu ni saa tisa u nusu alasiri wakati wao wamebadilisha saa zao za joto, na saa kumi u nusu wakati hawajabadilisha. Mshumaa wa dakika zile hauheshimu mstari wowote wa fibo, waweza kuruka 100 na 161.8 kwa pamoja na kurudi mpaka C. Kama nusu yangu ya pili iko karibu na tageti na imebaki nusu saa, naifunga.

Nikiuza ni vile vile?

Fomula ni ile ile. Tuseme GBP/USD imeshuka A 1.2700 mpaka B 1.2580, ikarudi juu C 1.2640. Mguu ni pipsi 120. 100 yakupa 1.2520, 161.8 yakupa 1.2446.

Lakini kuna kitu cha spredi. Chati ya MetaTrader kwa kawaida yaonyesha bei ya kuuzia. Ukiwa umeuza, kufunga ni kununua, kwa hivyo tageti yako yafungwa kwa ile bei ya kununulia ambayo iko juu kidogo. Spredi ikiwa pipsi 2, chati lazima ishuke mpaka 1.2518 ndio tageti ya 1.2520 ifungwe. Watu hulalamika bei imegusa mstari na broka hakufunga, na mara nyingi ni hilo tu. Ukiuza, weka tageti juu ya mstari kwa kiasi cha spredi na pipsi chache zaidi.

Bei ikifika 161.8 nigeuze niuze?

La. Tageti ni mahali pa kushusha mzigo, haisemi kwamba bei itageuka. Bei yaweza kupumzika hapo ikaendelea mpaka 261.8. Kuuza dhidi ya trendi kwa sababu ya mstari wa ekstensheni peke yake, ambapo huna kilele cha zamani wala swingi kubwa nyuma yake, ni kusimama mahali ambapo huna hata pa kuweka stopu kwa maana.

Nichore kwa utambi au kwa mwili wa mshumaa?

Mimi nachora kwa utambi, lakini la muhimu zaidi ni usichanganye, A kwa utambi na B kwa mwili. Kosa la pointi tatu hujumlishana vibaya: B ikikosewa pipsi 10, ile 161.8 yakosewa pipsi 16, kwa sababu kosa nalo limezidishwa. C ikikosewa pipsi 10 yakosewa 10 tu. Na A na C zikiwa zote zimekosewa upande mmoja, kosa la A lakula la C na kupita. Kwenye viwango vya kurudi kosa la B la pipsi 10 lasogeza ile 61.8 kwa pipsi zisizofika 4. Ndio maana mchoro mbaya waweza kuonekana sawa ukitafuta pa kuingia, halafu ukakuumiza kwenye tageti.

Na mabroka hawafungi mshumaa wa siku wote kwa wakati ule ule, kwa hivyo mshumaa wa siku kwako na kwa mwenzako yaweza kuwa na ncha tofauti kidogo. Usigombane naye kwa pipsi 3.

Kuna ushahidi wowote kwamba yafanya kazi?

Ushahidi si mzuri na nataka ulijue hilo wazi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Landani, Roy Batchelor na Richard Ramyar, waliangalia faharasa ya Dow Jones kuona kama urefu wa miguu ya bei wapendelea uwiano wa Fibonacchi kuliko uwiano mwengine wowote. Hawakupata dalili kwamba unaupendelea.

Mimi bado nazitumia, kwa sababu nahitaji kuamua kabla sijaingia nitatoka wapi, na urefu wa mguu uliopita ni kipimo cha busara cha soko lile siku ile. Soko lililotembea pipsi 100 halinipi sababu ya kutegemea 400. Lakini sehemu hio ya busara ni ile 100, urefu sawa, na 100 si uwiano wa dhahabu hata kidogo. Kama 161.8 ingekuwa 155 ama 170 tredi yangu isingebadilika sana.

Nijipime vipi mwenyewe?

Rudi nyuma kwenye chati ya pea unayoitredi, tafuta swingi 100 zilizotimiza sheria yako ya A, B na C, usichague zile nzuri. Kwa kila moja andika tageti za 100 na 161.8, na kando yake uandike mbili za uongo, 85 na 145, ambazo hakuna anayezichora.

Halafu usihesabu mara ngapi bei ilifika. Huo ndio mtego, kwa sababu tageti ya karibu hufikwa mara nyingi kuliko ya mbali, hilo ni lazima, kwa hivyo 85 itaishinda 100 na 145 itaishinda 161.8 kila siku. Hesabu mara ngapi bei iligeuka hapo, na ueleze mapema kugeuka ni nini, kwa mfano ifike ndani ya pipsi 5 za mstari halafu irudi angalau pipsi 20 kabla haijapita mstari kwa pipsi 10. Igawanye kwa mara ilizofika. Kama 161.8 yageuza bei kwa kiwango kile kile na 145, basi mstari wako ni alama ya umbali tu, na waweza kuutumia hivyo, lakini usiuongezee loti.

Yafaa kwa dhahabu, hisa, ama bitkoini?

Hesabu haijali chati ni ya nini. Dhahabu yatembea kwa mikupuo mikubwa, kwa hivyo ile nafasi niliyowacha ya pipsi 3 kabla ya mstari haitoshi, ipime kwa ukubwa wa mshumaa wa kawaida wa taimfremu yako. Hisa zisizouzwa sana, za Nairobi nyingi ziko hivyo, zaweza kukaa siku nzima bila muamala wa maana, na A na B zake ni bei za watu wachache, sizichorei. Bitkoini ikiwa imepanda mara mbili tatu kutoka A mpaka B, hapo chati ya kawaida na ile ya logi hutoa tageti tofauti kabisa, kwa sababu moja yapima dola na nyengine yapima asilimia. Chagua moja kabla ya kuchora, na ukimtumia mwenzako tageti mwambie umetumia ipi.